Sukari imeshuka, asidi bado ipo: kumhudumia mgonjwa wa ketoasidosisi saa kwa saa

*Mwalimu, shikamoo. Nikiwa zamu ya usiku katika mafunzo ya vitendo, nilimhudumia mgonjwa wa DKA ambaye sukari yake ilishuka kutoka 27 hadi 11. Nilifunga dripu ya insulini nikiamini tumefaulu, lakini asubuhi alikuwa anahema vilevile kama alivyokuja. Nilikosea wapi, na kila saa nilipaswa kuangalia nini kwanza?*

Marahaba. Insulini katika ketoasidosisi ya kisukari haitolewi kwa ajili ya sukari tu. Mwili unapokosa insulini, seli hushindwa kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, na mwili hugeukia mafuta. Ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo ni asidi, na asidi hizo ndizo zinazomfanya mgonjwa aheme kwa kina na kwa haraka, kwa kuwa mapafu hujaribu kuipunguza asidi kwa kutoa hewa ya kaboni. Wakati huohuo sukari iliyozidi huvuta maji na chumvi kwenda kwenye mkojo, na mgonjwa hukauka.

Matatizo haya mawili hayaishi kwa mwendo mmoja. Sukari hushuka mapema, kwa sababu hata dripu ya maji ya chumvi peke yake huizimua na kuziwezesha figo kuitoa. Asidi huchelewa kwa saa kadhaa zaidi. Insulini inayoingia mshipani nayo hukaa kwenye damu kwa dakika chache tu, kwa hiyo ukiifunga katikati ya safari hiyo, ini huanza tena kutengeneza ketoni muda si mrefu, hata kama kipima sukari kinaonyesha tarakimu nzuri. Hilo ndilo lililompata mgonjwa wako.

Ili uone ni wapi pa kuangalia, tupitie kisa nilichokitunga kwa ajili ya kufundishia, nikikipa tarakimu zinazokaribiana na zako. Msichana wa miaka 19, mwenye kilo 50, anaishi na kisukari cha aina ya kwanza. Amekuwa akitapika kwa siku mbili, na kwa kuwa hakuwa akila, aliacha kujichoma insulini. Analetwa hospitali ya wilaya saa 2 usiku. Sukari ni 27.4 milimoli kwa lita, mkojo una ketoni za alama tatu, anahema mara 34 kwa dakika, mapigo ya moyo ni 128, shinikizo la damu ni 92 kwa 58, na joto la mwili ni 36.1. Anaitika akiitwa, lakini amechanganyikiwa kidogo; kwa kipimo cha Glasgow ana alama 14. Hospitali haina mashine ya kupima gesi za damu, ila maabara inapima elektroliti, na majibu huchukua kama saa moja.

Katika saa ya kwanza kinachookoa maisha ni maji, wala si insulini. Muuguzi anaweka kanula mbili kubwa, anachukua damu ya elektroliti na krietinini, na kwa agizo la daktari anafungulia lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 iingie ndani ya saa hiyo. Mtu mzima wa namna hii huwa amepoteza takriban mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kama lita 5 kwa msichana huyu. Kipimo cha malaria na cha ujauzito vinafanyika mapema, na chanzo cha maambukizi kinatafutwa. Usidanganywe na joto la 36.1, kwa sababu mgonjwa wa ketoasidosisi anaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya mkojo bila homa yoyote.

Wanafunzi wengi hudhani kuchelewesha insulini kwa saa hiyo moja ni uzembe. Si uzembe, na sababu yake ni potasiamu. Majibu yanarudi saa 3 usiku: sodiamu ni 132, kloridi 96, bikaboneti 8, na potasiamu 5.6. Mwanafunzi akiona 5.6 huandika kwamba potasiamu imezidi. Ukweli ni kwamba imezidi ndani ya damu tu. Asidi na ukosefu wa insulini vimeitoa potasiamu kwenye seli, na kutapika pamoja na mkojo mwingi vimeimwaga nje ya mwili. Kwa jumla mgonjwa wa namna hii huwa amepungukiwa milimoli 3 hadi 5 kwa kila kilo, na kwa msichana huyu huo ni upungufu wa milimoli 150 hadi 250. Mara insulini inapoanza, potasiamu inarudishwa ndani ya seli kwa kasi, na ile iliyoko kwenye damu huporomoka. Ikiporomoka mno, moyo hupoteza mpangilio wake wa kupiga. Ndiyo maana tunataka kuiona tarakimu ya potasiamu kabla ya kuanza insulini: ikiwa chini ya 3.5, insulini husubiri hadi potasiamu itolewe na kupanda; ikiwa kati ya 3.5 na 5, insulini na potasiamu huenda pamoja. Ikiwa juu ya 5, insulini huanza peke yake na potasiamu hupimwa tena baada ya saa mbili. Miongozo ya hospitali hutofautiana kidogo katika tarakimu hizi, kwa hiyo fuata ule uliobandikwa wodini kwako.

Kwa kuwa ana 5.6, insulini inaanza saa 3 usiku kwa kiwango cha uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, ambacho kwake ni uniti 5 kwa saa. Uniti 50 za insulini ya kawaida, ile iliyo angavu, zinachanganywa na maji ya chumvi hadi kufikia mililita 50, ili mililita moja iwe na uniti moja, na pampu ya sindano inawekwa kwenye mililita 5 kwa saa. Kabla ya kuunganisha mrija kwa mgonjwa, pitisha mililita 20 za mchanganyiko huo kwenye mrija na uzimwage, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki na saa ya kwanza mgonjwa angepata pungufu. Ikiwa hakuna pampu, daktari anaweza kuagiza sindano ya msuli ya insulini hiyohiyo kila saa. Hapo tumia bomba la insulini lenye alama za uniti na si bomba la kawaida. Uniti 5 za insulini yenye uniti 100 kwa mililita ni mililita 0.05 tu, kiasi kisichoweza kupimwa kwa uhakika kwenye bomba la kawaida, na ni rahisi mno kumpa mgonjwa mara kumi ya dozi yake.

Sasa nifike kwenye swali la kila saa. Wengi hukimbilia kutoboa kidole, wakaandika sukari na kuondoka. Mimi nakushauri uanze kwa kumwangalia mgonjwa mwenyewe kabla hujagusa kifaa chochote. Mwite jina, mwambie akuambie yuko wapi, kisha uandike alama za Glasgow. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, uhesabu pumzi na pia uone kina chake. Kisha pima mapigo, shinikizo la damu na muda wa damu kurudi kwenye kucha baada ya kuibonyeza. Baada ya hapo ndipo upime sukari, usome kiasi cha mkojo, na mwisho ukague dripu zote mbili: je, kiasi kilichoingia ni kile kilichoagizwa, au mrija umejikunja? Mara nyingi sukari isiposhuka, sababu huwa kwenye kanula iliyovimba au pampu iliyosimama, wala si kwenye dozi.

Mpangilio huo una maana yake. Fahamu na pumzi ndizo zinazokueleza hali ya asidi na ya ubongo, na hazihitaji maabara. Pumzi za mgonjwa wetu zikitoka 34 kwenda 28 na kisha 22 huku akiwa macho na akizungumza vizuri, asidi inapungua. Lakini zikipungua ghafla huku usingizi ukimzidi, usiandike kwamba ametulia. Huenda misuli ya kupumulia imechoka, au potasiamu imeshuka mno, au ubongo umeanza kuvimba. Kuvimba kwa ubongo huwapata zaidi watoto na vijana, mara nyingi ndani ya saa 12 za mwanzo za matibabu, na huanza kwa maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo yanayopungua na shinikizo la damu linalopanda. Hapo daktari huitwa papo hapo, bila kungoja saa nyingine ya kupima. Kwa sababu hiyohiyo usimpe mgonjwa dawa ya kumtuliza kwa kuwa anahema sana. Kuhema huko ndiko kunakomlinda. Oksijeni nayo hutolewa pale tu kipimo cha kidole kinapoonyesha upungufu.

Mkojo unahitaji uangalifu wa namna yake. Msichana huyu hakukojoa katika saa ya kwanza, na kwa hiyo mpira wa mkojo uliwekwa. Lengo la kawaida ni angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 25 kwake. Akipata mililita 150 kwa saa, mwanafunzi huandika kwamba maji yametosha. Hilo si sahihi wakati sukari ikiwa bado juu, kwa sababu sukari yenyewe inavuta maji hayo, na mgonjwa anaweza kukojoa sana huku akiendelea kukauka. Mkojo mwingi husomwa pamoja na mapigo, shinikizo la damu na kucha. Mkojo mchache, kwa upande mwingine, ni habari ya haraka, hasa kama potasiamu iko kwenye dripu, kwa kuwa figo zisizotoa mkojo haziwezi kuitoa potasiamu iliyozidi.

Turudi kwenye chati. Saa 3 usiku sukari ilikuwa 24.0, imeshuka kwa maji peke yake. Saa 4 ni 20.6, na saa 5 ni 17.3. Mshuko wa takriban milimoli 3 kwa saa ndio tunaoutaka. Ukiwa mdogo kuliko huo, kagua kwanza mrija na pampu, kisha umjulishe daktari. Saa 5, saa mbili baada ya insulini kuanza, potasiamu inapimwa tena na sasa ni 4.2. Imeshuka kutoka 5.6, kama tulivyotarajia. Mgonjwa anakojoa, kwa hiyo daktari anaagiza milimoli 20 za potasiamu katika kila lita ya dripu, inayokwenda kwa mililita 500 kwa saa. Hesabu mwenyewe: hiyo ni milimoli 10 kwa saa, kasi ambayo wodi ya kawaida isiyo na mashine ya kufuatilia moyo haipaswi kuizidi. Potasiamu haisukumwi kamwe kwa bomba la sindano moja kwa moja mshipani, kwani husimamisha moyo. Baada ya kuiweka kwenye mfuko, upindue mfuko mara kadhaa, la sivyo potasiamu hujikusanya karibu na mdomo na kuingia yote kwa mkupuo.

Saa 6 usiku sukari ni 14.5. Saa 7 usiku ni 11.8, na hapa ndipo ulipofunga dripu. Angalia kilichobaki kwenye chati ya saa hiyohiyo: pumzi ni 26 na bado ni za kina, na bikaboneti iliyopimwa upya ni 11, wakati kikomo cha chini cha kawaida ni kama 22. Bado ana asidi nyingi. Mgonjwa huyu anahitaji insulini, na pia anahitaji sukari ya kuwezesha insulini hiyo iendelee bila kumwangusha. Kwa hiyo sukari inapokaribia 14, mjulishe daktari ili abadilishe dripu kuwa dekstrosi ya asilimia 5 ndani ya maji ya chumvi, na insulini ipunguzwe hadi uniti 0.05 kwa kilo kwa saa, ambayo kwake ni uniti 2.5. Lengo tangu hapo ni sukari kubaki karibu na 11 hadi asidi iishe. Ikishuka zaidi, kwanza ongeza dekstrosi, usikimbilie kufunga insulini. Kama wodini hakuna mchanganyiko huo tayari, toa mililita 100 kwenye mfuko wa lita moja wa maji ya chumvi na uweke mahali pake mililita 100 za dekstrosi ya asilimia 50. Utapata gramu 50 kwenye lita, yaani asilimia 5.

Kuna mtego mwingine saa hiyohiyo ambao hata wauguzi wenye uzoefu hupitiwa nao. Mgonjwa amekwisha kupata lita 3, shinikizo lake ni 112 kwa 70, na daktari anapunguza dripu hadi mililita 250 kwa saa. Mfuko bado una milimoli 20 kwa lita. Kwa kupunguza mwendo wa maji umepunguza pia potasiamu kuwa milimoli 5 kwa saa, huku insulini ikiendelea kuisukuma ndani ya seli, na maabara ya saa 7 inaonyesha 3.7. Kwa hiyo kila mwendo wa dripu unapobadilishwa, piga upya hesabu ya potasiamu kwa saa na umuulize daktari. Hapa mfuko mpya unawekwa milimoli 40 kwa lita, ili kwa mililita 250 mgonjwa aendelee kupata milimoli 10 kwa saa. Ikiwa potasiamu ingeshuka chini ya 3.5, hapo ndipo insulini ingesimamishwa kwa muda, na si kwa sababu ya sukari.

Huenda utauliza kwa nini tusifuate ketoni za mkojo. Kijiti cha mkojo kinaonyesha aina moja tu ya ketoni, asetoasetati, ilhali katika ketoasidosisi ketoni iliyo nyingi zaidi ni beta-haidroksibutireti, ambayo kijiti hakiioni. Matibabu yanapofanya kazi, hii ya pili hugeuka kuwa ile ya kwanza, na kijiti kinaweza kubaki na alama tatu, au hata kuonekana kibaya zaidi, wakati mgonjwa anapona. Kijiti kinafaa kutambua ugonjwa mlangoni, lakini hakifai kuamua dozi ya insulini usiku kucha. Penye kipima ketoni cha damu, tarajia zishuke angalau milimoli 0.5 kwa lita kila saa. Pasipo na kipimo hicho, tumia bikaboneti, pumzi na pengo la elektroliti, ambalo hupatikana hivi:

```
Na − (Cl + HCO3)
```

Mlangoni lilikuwa 132 − (96 + 8), yaani 28. Pengo la kawaida ni takriban 12 au chini. Saa 4 asubuhi maabara inaleta sodiamu 139, kloridi 110, bikaboneti 19 na potasiamu 4.3. Pengo ni 10. Pumzi ni 18, hatapiki tena, na ameomba uji. Sasa ndipo tunasema ketoasidosisi imeisha, saa 14 baada ya kufika.

Hata hapo dripu ya insulini haifungwi mara moja. Mgonjwa anakula, anachomwa insulini yake ya muda mrefu chini ya ngozi pamoja na ile ya chakula, na dripu inaendelea kwa saa moja hadi mbili baada ya sindano hiyo, kwa sababu insulini ya chini ya ngozi huchelewa kuanza kazi. Ukifunga kwanza na kuchoma baadaye, umemwacha bila insulini kabisa kwa muda huo, na ketoni zinaweza kurudi kabla ya chakula cha mchana. Andika kwenye chati saa ya sindano na saa ambayo dripu ifungwe, na uzitaje zote mbili wakati wa kukabidhi zamu, maana mara nyingi kubadilishana zamu huangukia katikati ya muda huo.

Kabla hajaruhusiwa, kaa naye na mtu anayemtunza nyumbani mzungumze kuhusu siku mbili zile za kutapika. Aeleweshwe kwamba mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini ya muda mrefu hata asipokula, kwani mwili unaougua huhitaji insulini zaidi. Apime sukari kila baada ya saa nne au chini ya hapo anapougua, anywe maji kidogo kidogo, na aje hospitali akitapika mfululizo, akianza kuhema kwa kina, au kijiti cha mkojo kikionyesha alama mbili za ketoni au zaidi. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya siku akiamka na homa na hana hamu ya kula. Akijibu kwamba ataruka sindano mpaka aweze kula, bado hajaelewa, na mafunzo yanaendelea.

Tarakimu zote hapo juu ni za mtu mzima. Mtoto hapewi lita moja kwa saa, maji yake hukokotolewa kwa uzito na hurudishwa polepole zaidi, na hatari ya ubongo kuvimba ni kubwa kuliko kwa msichana huyu. Ukipangiwa wodi ya watoto, omba mwongozo wao kabla ya zamu kuanza.